Pailoti yako inadai nini? Kutambua na kurekebisha madai yaliyozidi ushahidi

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika ripoti ya pailoti, au ya upembuzi yakinifu, na ameanza kuona kuna kitu hakikai sawa. Msimamizi anarudisha sura ya matokeo imejaa alama za kuuliza, mhakiki wa jarida anataka hiki, wafadhili wanataka kile. Mara nyingi ugonjwa ni mmoja: pailoti imejibu swali ambalo haikuulizwa. Ilipaswa kueleza kama utafiti mkubwa unawezekana na ufanyike vipi, yenyewe ikatangaza kwamba tiba inafanya kazi.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Nimeutunga, na namba zake nimezipanga ili hesabu ionekane vizuri, lakini mazingira yake anayeishi Moshi atayatambua. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anataka kujua kama meseji za simu za kuwakumbusha wagonjwa wa presha kumeza dawa zinasaidia kuishusha. Kwa wiki 8, Novemba na Desemba, anaandikisha watu kwenye kliniki moja. Waliokidhi vigezo na kuombwa kushiriki ni 50. Wanaokubali ni 40. Anawagawa kwa bahati nasibu, 20 wapate meseji na 20 waendelee na huduma ya kawaida. Baada ya wiki 12 anawapima tena. Wanaorudi ni 34: 18 wa kundi la meseji na 16 wa kundi la kulinganisha.

## Dalili: hitimisho linasema meseji "zimeonesha matumaini"

Hii ndiyo dalili inayoonekana kuliko zote. Katika mfano wetu, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa milimita 9 za zebaki zaidi kwenye kundi la meseji kuliko kwenye kundi la pili. Thamani ya p ilikuwa takriban 0.16. Mwanafunzi akaandika: "Ingawa tofauti haikufikia umuhimu wa kitakwimu, meseji zimeonesha matumaini ya kushusha presha."

Ili kujua kama sentensi hiyo ina tatizo, chukua ile 9 ukaiangalie pamoja na wigo wake wa uhakika. Mkengeuko sanifu wa presha kwenye kila kundi ulikuwa 18. Kosa sanifu la tofauti kati ya makundi linapatikana hivi:

```
18 * sqrt(1/18 + 1/16) = 6.2
```

Ukilizidisha kwa 2.04 unapata karibu 12.6. Kwa hiyo wigo wa uhakika wa asilimia 95 unaanzia 9 toa 12.6 hadi 9 jumlisha 12.6, yaani kutoka −3.6 hadi 21.6. Data hizi hazipingani na wazo kwamba meseji zinapandisha presha kwa milimita 3 na ushee, wala na wazo kwamba hazifanyi lolote. Hazipingani pia na wazo kwamba zinaishusha kwa milimita 21, kiasi ambacho hata dawa moja ya presha kwa kawaida haikifikii. Anayesoma wigo huo wote haoni matumaini wala kukata tamaa. Anaona kwamba watu 34 ni wachache mno kwa swali hili.

Chanzo chake si uzembe. Watu tumefundishwa kwamba utafiti lazima uwe na jibu, na kichwa cha andiko lenyewe kinataja meseji na presha, basi mwandishi anaona aibu kumaliza bila kusema lolote kuhusu presha. Tiba yake ni kurudi kwenye malengo. Kama lengo la kwanza limeandikwa "kupima ufanisi wa meseji", kosa liliingia siku andiko lilipoandikwa, na hitimisho limelifuata tu. Mwongozo wa CONSORT kwa majaribio ya pailoti, uliotoka mwaka 2016, uko wazi hapa: malengo ya pailoti yahusu uwezekano wa kufanya jaribio kubwa, na upimaji rasmi wa nadharia kuhusu ufanisi haupendekezwi.

Je, ile 9 ifutwe kabisa? Hapana, na hapa natofautiana na wanaotaka ifichwe. Washiriki walitoa muda wao na vipimo vyao, na atakayekuja kuunganisha tafiti nyingi atazihitaji namba hizo. Weka kwenye jedwali wastani na mkengeuko sanifu wa kila kundi, weka tofauti na wigo wake wa uhakika, lakini p usiiweke. Ndani ya maandishi itoshe sentensi moja inayompeleka msomaji kwenye jedwali. Kwenye hitimisho la muhtasari isikae hata moja.

## Dalili: p imetoka ndogo na kila mtu anafurahi

Hii ni hatari kuliko ya kwanza, kwa sababu hakuna anayeitilia shaka. Tuseme bahati ingekuwa tofauti na p ikatoka 0.03. Msimamizi anapongeza, na mkurugenzi wa kliniki anauliza kwa nini meseji zisianze kutumwa kwa wagonjwa wote mwezi ujao.

Fanya hesabu hii kabla ya kumjibu. Kosa sanifu ni 6.2. Ili p iwe chini ya 0.05 katika utafiti wa ukubwa huu, ni lazima tofauti itakayoonekana ifike angalau milimita 12.6. Sasa tuseme ukweli, ambao hakuna anayeujua, ni kwamba meseji zinashusha presha kwa milimita 5. Basi kila mara pailoti ya namna hii itakapotoa p ndogo kwa upande wa meseji, makadirio yake yatakuwa yamezidisha ukweli kwa mara mbili na nusu au zaidi. Hakuna njia ya p kuwa ndogo na makadirio yakawa sahihi kwa pamoja. Udogo wa sampuli umeifunga hiyo njia.

Ukiona p ndogo kwenye pailoti, basi, jiulize: ni tofauti gani ndogo kuliko zote ambayo utafiti wangu ungeweza kuita ya maana? Kama tofauti hiyo ni kubwa kuliko unavyoweza kuamini kwa akili ya kitabibu, ulichokiona ni bahati iliyochanganyika na kiasi fulani cha ukweli, na hujui kipi ni kipi. Mkurugenzi ajibiwe hivyo hivyo, kwa upole na kwa namba.

## Dalili: sampuli ya utafiti mkubwa imekokotolewa kwa makadirio ya pailoti

Wengi huamini hii ndiyo kazi hasa ya pailoti: ikupe tofauti ya kuingiza kwenye kikokotoo. Mwanafunzi wetu anafungua programu ya takwimu ya R na kuandika:

```
power.t.test(delta = 9, sd = 18, power = 0.8)
```

Jibu ni watu 64 kwa kila kundi. Bajeti inapendeza na mfadhili anatabasamu. Lakini 9 hiyo ni ile ile yenye wigo wa −3.6 hadi 21.6. Ikiwa ukweli ni 5, utafiti wa watu 64 kwa kundi una nafasi ya theluthi moja hivi ya kuigundua. Theluthi mbili zilizobaki, fedha na miaka ya watu vitaishia kwenye andiko linalosema meseji hazisaidii. Upande wa pili una hasara yake pia: pailoti ikionesha 1 kwa bahati mbaya, wazo zuri linazikwa kabla ya kujaribiwa.

Tofauti ya kuweka kwenye kikokotoo haitoki kwenye pailoti. Inatoka kwenye swali la kitabibu: ni punguzo dogo kiasi gani ambalo bado lingestahili gharama na usumbufu wa meseji? Kwa presha tuna pa kushika. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2021, uliounganisha majaribio 48 ya dawa za presha, ulikuta kwamba kushusha namba ya juu kwa milimita 5 kunapunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 10. Milimita 5, basi, ni kiasi kinachotetewa mbele ya kamati yoyote.

```
power.t.test(delta = 5, sd = 18, power = 0.8)
```

Sasa ni watu 205 kwa kila kundi, zaidi ya mara tatu ya ile bajeti iliyopendeza.

Na hiyo 18? Mkengeuko sanifu ni kitu ambacho pailoti inaruhusiwa kukichangia, kwa tahadhari. Ukiwa na watu 34, wigo wa uhakika wa 18 unaanzia karibu 14.5 hadi karibu 24. Ukiichukua 18 kama ilivyo, una nafasi kubwa ya kujipunja. Linganisha na tafiti nyingine za wagonjwa kama wako, kisha panda kidogo. Ukiweka 20, idadi inakuwa 253 kwa kila kundi. Hata mkengeuko sanifu, namba inayoonekana tulivu, ina mtikisiko wake katika sampuli ndogo.

## Dalili: ukiondoa ufanisi, unaona huna la kuandika

Hapa ndipo mwandishi anapokata tamaa, na hapa ndipo pailoti yake ina utajiri wote. Chukua shajara ya uandikishaji, simu za ufuatiliaji na daftari la muuguzi, uanze upya.

Waliokubali kushiriki ni 40 kati ya 50, asilimia 80, wigo wa uhakika 67 hadi 89. Waliorudi wiki ya 12 ni 34 kati ya 40, asilimia 85, wigo 71 hadi 93. Haya ni madai halali kabisa, kwa sababu pailoti iliundwa kuyapima. Tafadhali usiyaandike bila wigo. 85 peke yake inadanganya kama 9 ilivyodanganya.

Kisha uliza waliopotea walikwenda wapi. Katika mfano huu, 4 kati ya 6 walikuwa watu waliokuja nyumbani kwa sikukuu. Kila anayeishi Moshi anaijua Desemba: mabasi ya kutoka Dar yanajaa, migomba inakatiwa mbege, na kila ukoo una wageni wake. Baadhi ya wageni hao ni wagonjwa wa presha, na dawa zikiwaishia wanakwenda kliniki ya jirani. Wakaandikishwa 8 wa namna hiyo. Januari wakarudi Dar, na wiki ya 12 nusu yao hawakuonekana.

Hilo ni tokeo la kweli la pailoti, na linabadilisha mambo mawili. La kwanza ni kigezo cha kuandikishwa: mshiriki awe mkazi wa eneo, na asiwe na mpango wa kuhama ndani ya miezi minne. La pili ni kasi ya uandikishaji. Watu 40 kwa wiki 8 ni 5 kwa wiki, lakini bila wageni wa sikukuu ni 32, yaani 4 kwa wiki. Utafiti mkubwa unahitaji 253 kwa kila kundi. Ukiruhusu asilimia 15 wapotee inakuwa 298, jumla 596. Kliniki moja kwa kasi ya watu 4 kwa wiki ingechukua wiki 149, karibu miaka mitatu. Kwa hiyo utafiti mkubwa hauwezekani kwenye kliniki moja. Utafute nne au tano, pengine mpaka upande wa Arusha. Mfadhili akisoma aya hiyo anajua hasa anachokilipia.

Angalizo moja: ukiwatoa wageni, waliorudi ni 30 kati ya 32, asilimia 94. Inavutia, lakini mgawanyo huo umeufanya baada ya kuona data. Utumie kueleza kwa nini umebadilisha kigezo. Bajeti iendelee kusimama kwenye 85, au chini yake.

Kisha meseji zenyewe. Mfumo ulionesha karibu zote zimefika. Taarifa ya "imefika" maana yake ni kwamba meseji iliingia kwenye simu, basi. Haisemi ni nani aliyeishika simu hiyo. Muuguzi alipopanda Kibosho kumwona mshiriki mmoja, mazungumzo yalikuwa haya:

"Shikamoo bibi. Zile meseji za kukukumbusha dawa unazipata?"

"Marahaba mwanangu. Meseji zipi? Namba niliyowapa ni ya mjukuu wangu, yuko Arusha anasoma. Mimi nikitaka kuongea na mtu naenda kwa jirani."

Baada ya hapo wote 20 wa kundi la meseji wakaulizwa, na 5 walikuwa wameandikisha namba isiyo yao. Asilimia 25, wigo 11 hadi 47. Namba hii ina uzito kuliko ile 9. Ikiwa robo ya kundi haikupata tiba yenyewe, utafiti mkubwa ungeendeshwa hivyo hivyo ungepima kitu kingine kabisa. Fomu ya uandikishaji iongezwe maswali mawili: simu hii inakaa na nani mchana, na nani anakusomea meseji? Pengine kundi la tiba lipigiwe simu yenye sauti badala ya kuandikiwa. Mabadiliko hayo yakiwa makubwa, yajaribiwe tena kwa watu wachache kabla ya kuingia kwenye utafiti mkubwa.

Sasa muhtasari unaweza kuandikwa upya hivi: "Kati ya watu 50 walioombwa, 40 walikubali (asilimia 80, wigo 67 hadi 89), na 34 kati yao walipimwa wiki ya 12 (asilimia 85, wigo 71 hadi 93). Washiriki 5 kati ya 20 hawakuwa wamiliki wa simu iliyotumiwa meseji. Utafiti mkubwa unawezekana iwapo utahusisha kliniki kadhaa, utaandikisha wakazi pekee na utabadili njia ya kufikisha ukumbusho. Pailoti hii haikuundwa kupima ufanisi."

## Dalili: kila kigezo cha kuendelea kimefikiwa

Ripoti inasema vigezo vyote vimetimia, na kigezo cha ufuatiliaji ni asilimia 85 kamili, sawasawa na kilichopatikana. Angalia tarehe. Kama kigezo hakimo kwenye andiko lililopitishwa na kamati ya maadili, kimeshonwa kwa kipimo cha matokeo.

Vigezo huandikwa kabla, na vizuri vikiwa na ngazi tatu kuliko kuwa na mstari mmoja wa kufaulu na kufeli. Kwa mfano: 85 na kuendelea, endelea; 70 hadi 84, endelea baada ya kurekebisha; chini ya 70, simama ufikiri upya. Katika mfano wetu 85 imegusa ngazi ya juu kwa nukta, lakini mwisho wa chini wa wigo ni 71, ndani ya ngazi ya kati. Mimi ningeichukua kama ya kati: ningeendelea, huku nikiongeza namba ya simu ya ndugu wa pili na safari moja ya kumtembelea nyumbani aliyekosa miadi. Kama vigezo havikuandikwa kabla, sema hivyo waziwazi, ueleze uamuzi wako kwa hoja.

## Dalili: "meseji ni salama, hakuna aliyepata madhara"

Kanuni ya haraka hapa ni ile ya namba 3: usipoona tukio lolote kwa watu n, kiwango cha kweli bado kinaweza kufika takriban 3 gawanya kwa n. Kwa watu 20 ni asilimia 15. Andika "hakuna tukio lililoripotiwa kati ya washiriki 20", uishie hapo. Neno "salama" liondoke.

## Dalili: mhakiki anadai p, au anasema sampuli haina nguvu

Wakati mwingine mwandishi ameandika vizuri na shinikizo linatoka nje. Usiongeze p ili yaishe. Mjibu kwamba ukubwa wa sampuli ulichaguliwa kwa usahihi wa makadirio ya ufuatiliaji: kwa watu 40 na ufuatiliaji wa asilimia 85, wigo unakuwa na upana wa takriban pointi 11 kila upande, na hiyo ilitosha kuamua kuendelea au kusimama. Mwelekeze kwenye CONSORT ya 2016. Wahakiki wengi hukubali wakioneshwa; walidai p kwa sababu tu wamezoea kusoma majaribio makubwa.

Hoja hiyo ina nguvu iwapo tu ni ya kweli. Kuna tafiti zilizoanza kama majaribio kamili, zikalenga watu 400, zikapata 40 kwa sababu fedha ziliisha au masika iliziba njia, kisha zikabatizwa jina la pailoti wakati wa kuandika. Unazitambua kwa urahisi: malengo yanataja ufanisi, hesabu ya sampuli ya awali imetoweka, na hakuna kigezo hata kimoja cha kuendelea. Kama yako ni hiyo, iite jaribio ambalo halikufikia lengo la uandikishaji, toa hesabu ya awali kama ilivyokuwa, na ueleze hatua kwa hatua ni wapi watu walikosekana. Maelezo hayo yatamfaa atakayejaribu tena kuliko jina la pailoti ambalo utafiti haukuzaliwa nalo.